Nilimjibu Kuhusu Simu

Kwa miaka sita meza yangu ya kutengeneza simu ilikuwa baraza moja na cherehani ya mshonaji wa nguo za kike, mjini Lindi, nyuma kidogo ya soko. Yeye alinitangulia hapo. Alikuwa mtu wa Rondo, mjane, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali na mdogo wake wa kike aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Mimi nimezaliwa Njinjo, bara ya Kilwa. Alinizidi miaka kama kumi na mitano, kwa hiyo kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye akaniitikia marahaba kwa sauti ya kunionya nisimzeeshe mbele ya wateja.

Niliwahi kumpa jibu sahihi mama huyu, na jibu hilo lilimchelewesha kwenda hospitali kwa miezi minane. Nimelirudia kichwani mara nyingi nikitafuta sentensi ya uongo ndani yake. Sijaiona.

Nianze na mahali anapoweka simu mwanamke wa huku. Gauni halina mfuko. Kitenge hakina mfuko. Mkoba ukiuweka chini sokoni, ukigeuka haupo. Mikono ina kazi. Basi simu huingia kwenye sidiria, mara nyingi upande wa kushoto, na ikilia inachomolewa, mtu anaongea, inarudi. Fundi wa simu anajua nani anaweka simu yake wapi hata kabla hajaambiwa. Simu ya dereva wa bodaboda inakuja na vumbi limejaa kwenye tundu la chaji. Simu ya seremala inakuja na unga wa mbao. Simu ya mama inayokaa kifuani inakuja na kutu ya kijani kwenye vyuma vidogo vya ndani, kwa sababu ya jasho. Simu ya mshonaji nimeisafisha kutu hiyo mara tatu. Kila mara nilimwambia aishonee kifuko cha kutundika kwenye cherehani, naye akinijibu kwamba mshonaji hajishonei, kama fundi simu asivyokuwa na simu nzima. Hapo alikuwa na haki. Yangu ilikuwa na ufa skrini nzima.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zikiwa zimechelewa, sauti fulani ilianza kuzunguka kwenye simu za watu. Alikuwa mwanamume anayesema ni daktari, bila kutaja wa wapi, akiwaonya akina mama kwamba simu ya kifuani inachoma titi kidogo kidogo mpaka saratani inaota. Mwisho alisema ujumbe utumwe kwa watu kumi. Watu wakatuma kwa zaidi ya kumi. Wiki ile sikuulizwa bei ya betri wala ya skrini, niliulizwa mionzi. Na kwa kuwa biashara haikosi masikio, muuzaji wangu wa jumla wa Dar akaniletea pakiti ya stika za rangi ya dhahabu, za kubandika nyuma ya simu, zimeandikwa kwamba zinazuia mionzi.

Nilizijaribu. Nilibandika moja kwenye simu yangu nikapiga. Simu ikapiga kama kawaida, na vijiti vya mtandao havikupungua hata kimoja. Nikajua haizuii chochote, maana simu haina njia nyingine ya kuzungumza na mnara isipokuwa hayo mawimbi. Ukiyazuia kweli, simu inakata. Na ukiyazuia nusu, simu inaongeza nguvu ya kurusha ili ifike mnarani, na hapo umejiongezea ulichokuwa unakikimbia. Niliirudisha pakiti ile kwa basi la asubuhi. Nilijisikia mtu mwaminifu sana siku hiyo.

Siku chache baadaye umeme ulikatika mchana. Kisu changu cha umeme cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kilikuwa baridi, sikuwa na la kufanya. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu, haijui umeme, kwa hiyo yeye alikuwa anaendelea. Kisha cherehani ikanyamaza. Akaja upande wangu, akaketi kwenye benchi la wateja, akauliza kama ninayo ile stika.

Nikamwambia nimezirudisha, zile ni za kumuuzia mjinga, na yeye simuhesabu humo. Kwa kawaida angenirudishia. Angesema mjinga ni yule aliyefungua duka la kutegemea umeme wa Lindi. Siku hiyo aliichomoa simu yake, akaishika mapajani kwa mikono miwili, akauliza taratibu.

"Fundi, niambie kweli, si maneno ya biashara. Simu ikikaa hapa kifuani miaka yote, inaleta saratani?"

Sasa, mimi ni mtu anayependa kueleza. Chuoni nilikosomea umeme wa redio, wenzangu walikuwa wakiniita mwalimu kwa kejeli. Mtu akiniuliza kitu ninachokijua, nafurahi kama niliyetembelewa. Nikavuta stuli nikaketi mbele yake, nikaanza.

Nilimwambia kwamba neno mionzi linatutisha kwa sababu tumelibebesha vitu viwili tofauti. Iko mionzi kama ile ya picha ya eksirei, yenye nguvu ya kupasua viungo vidogo kabisa vya mwili, mahali penye maagizo ya jinsi mwili unavyojijenga. Hiyo ikizidi, saratani yaweza kuja, na ndiyo maana mpiga picha wa hospitali hujificha nyuma ya ukuta. Na yako mawimbi ya redio, ambayo simu hutumia, ndugu wa yale yanayoleta taarifa ya habari kwenye redio yake. Hayo hayana nguvu ya kupasua. Hata mwanga wa taa unaomwezesha kutunga uzi kwenye sindano, chembe kwa chembe, una nguvu kuliko mawimbi ya simu. Jambo ambalo mawimbi ya simu yanajulikana kulifanya mwilini ni kupasha joto kidogo. Basi swali la haki, nikamwambia, ni joto kiasi gani.

Nikamwomba simu. Nikabonyeza nyota, reli, sifuri, saba, reli, na kwenye skrini yakaja maandishi yenye herufi tatu, SAR, na namba mbili, moja ya kichwa na moja ya mwili. Alikuwa hajawahi kuyaona. Akainama kusoma kama anayesoma barua.

Hicho, nikamwambia, ni kiwango cha ufyonzaji. Kinasema hivi: simu ikirusha mawimbi, sehemu yake inaingia kwenye nyama ya mwili, je, kila kilo ya nyama inameza wati ngapi? Hawapimi kwa mtu. Maabara wana kinyago cha kichwa na cha kiwiliwili, kimejazwa kimiminika kinachopitisha umeme kama mwili unavyopitisha. Wanaweka simu pale, wanailazimisha irushe kwa nguvu yake yote, halafu kijiti cha kupimia kinatembezwa ndani kutafuta mahali palipomeza zaidi. Namba ya mahali hapo ndiyo inayoandikwa. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha wati mbili kwa kilo, kwa wastani wa gramu kumi za nyama, na nyingine zinapima kwa ukali kidogo zaidi ya hapo. Kikomo chenyewe kimewekwa chini sana ya pale ambapo joto huanza kudhuru. Simu yake ilikuwa chini ya kikomo.

Nikamfafanulia pia yale ambayo watu huyapindisha. Namba hiyo ni ya siku mbaya kabisa ya simu, si ya kila siku. Simu iliyolala kifuani bila kuongea hurusha kidogo tu, kwa vipindi, kuujulisha mnara kwamba ipo. Simu yenye namba ndogo haimaanishi ni salama kuliko yenye namba kubwa kidogo, kwa sababu kinachotawala ni mtandao: hapa mjini, mnara uko karibu, simu inanong'ona, kwao Rondo, kwenye mabonde yasiyo na mtandao, inapiga kelele. Na kwa kuwa nilitaka kuwa mkweli mpaka mwisho, nikamwambia kwamba kitabu cha simu chenyewe kinashauri iwe milimita chache mbali na ngozi, maana hivyo ndivyo walivyoipima, na kwamba kifuko kile cha kutundika bado ni wazo zuri.

"Na hao wanaopima watu wenyewe, si vinyago?" akauliza. "Wamesemaje?"

Lilikuwa swali zuri, nikamsifu. Nikamwambia wamewafuatilia watu wengi, kwa miaka mingi, hasa kutafuta uvimbe wa kichwani, kwa sababu kichwani ndipo simu inapogusa mtu anapoongea. Kuna wakati wataalamu wa saratani wa dunia waliyaweka mawimbi haya kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, na neno huenda pale lilikuwa na maana kwamba ushahidi ni mdogo na haujawatosha kuyafunga wala kuyaachia. Tafiti zilizokusanywa baadaye hazikuona uhusiano. Simu zimejaa duniani kote, na saratani za ubongo hazikupanda pamoja nazo. Bado wanaendelea kuwaangalia wanaoongea masaa mengi kwa miaka mingi, na watoto, maana mambo ya miaka mingi yanahitaji miaka mingi. Kuhusu titi hasa, nikasema, utafiti si mwingi. Wako wanawake wachache walioripotiwa kuugua upande waliokuwa wakiweka simu. Lakini wanaoweka simu upande huo ni wengi mno, na saratani ya titi ilikuwapo kabla babu zetu hawajaona waya. Ukiwatafuta, utawapata pia walioweka funguo hapo wakaugua.

"Kwa hiyo simu haileti saratani ya titi."

"Hakuna ushahidi kwamba inaleta, dada. Ningekuwa wewe nisingepoteza usingizi kwa simu."

Akavuta pumzi ndefu. Akainuka, akaniambia kwamba shule ilipoteza mwalimu, na mwalimu amepotea kwenye kazi ya kubandua vioo. Nikacheka. Cherehani ikaanza tena, na nakumbuka niliisikiliza kwa raha, kwamba nimemtua mtu mzigo.

Sikumuuliza kwa nini anauliza. Watu thelathini walikuwa wameniuliza jambo hilohilo wiki ile, wote kwa sababu ya sauti ile. Yeye alikuwa wa thelathini na moja. Tena mimi mwanamume, Mwislamu wa jirani; hata ningeuliza, sijui kama angesema. Mwanamke wa umri wake hamwambii fundi simu habari za titi lake. Anamuuliza habari za simu.

Miezi ilipita. Sherehe za harusi zikaja na mishono ya sare, kisha zikaisha. Niliona vitu bila kuviunganisha. Alianza kujifunga kitenge begani hata kwenye joto. Kazi ya kukata kitambaa, ambayo inataka mkono wa kushoto unyooshwe kushikilia, akaanza kumwachia mdogo wake. Simu aliendelea kuiweka kifuani, lakini upande wa kulia. Nilidhani ni mambo ya sidiria.

Ndipo mdogo wake akaja kwangu asubuhi moja, dada yake hajafika. Alisimama hakuketi. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyemwambia dada yake kwamba hana saratani.

Nikasema sijawahi kusema neno kama hilo kwa mtu yeyote.

Akasema, "Mbona kila nikimwambia twende hospitali ananiambia fundi ameshamweleza, na fundi ana elimu?"

Kisha akanieleza, akitazama meza yangu na si mimi. Kilianza kama punje ya kunde, upande wa kushoto, hakiumi. Dada yake alikigundua akioga, wiki chache kabla sauti ile haijasambaa. Sauti ilipokuja, akaona ndiyo jibu: ni simu. Wanawake wa kwaya yake ya kanisani wakamwambia vivyo hivyo, kwamba ni simu, na kama ni simu basi huenda ni saratani, na alikuwa amekwisha kuazimia kwenda hospitali Jumatatu. Alitaka kwanza stika, ili kisiongezeke mpaka Jumatatu. Ndiyo siku aliyokuja kwangu. Akarudi nyumbani amefurahi. Akamwambia mdogo wake kwamba simu haileti saratani, kwamba amepimiwa mpaka namba zake ameziona kwenye skrini, na kwa hiyo kile kitu ni maziwa yaliyoganda, au jipu la ndani, kitaisha. Jumatatu akaenda kazini.

"Sasa kimepasuka," mdogo wake akasema. "Kinatoa maji. Kina harufu. Anafunga na vitambaa vya wateja."

Nilifunga kibanda. Sikumbuki kama nilikifunga kwa kufuli.

Tulimkuta nyumbani, ukumbini, ameketi mkekani akichambua mchele kwa mkono mmoja. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, akamtazama mdogo wake, akajua. Alimwambia kwamba siku hizi siri za mwili wake zinauzwa sokoni kwa fungu. Mdogo wake akaenda jikoni akilia.

Huko njiani nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na yote yalikuwa yale yale ya kwanza. Kila nilipotaka kusema jambo, niliona limesimama juu ya lile nililosema mwanzo. Mwishowe nikamwambia kwamba siku ile aliniuliza kuhusu simu nikamjibu kuhusu simu, na jibu langu halijabadilika. Lakini nikamweleza kosa lilipo. Ni hivi: mtu akikuambia moto haukuanzia jikoni, hajakuambia nyumba haiungui. Saratani ya titi haihitaji simu. Mara nyingi madaktari wenyewe hawawezi kumwambia mwanamke imetoka wapi. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na hilo nalo ni kweli, ila anayeweza kusema huu ni upi ni yule anayeugusa, akaupiga picha, akachukua kinyama kidogo akakipima. Fundi hawezi. Skrini haiwezi. Na kisichouma si kwamba ni chema.

Alitoa jiwe moja kwenye mchele akalitupa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kama si simu, nimefanya nini?"

Nikamwambia hajafanya kitu.

"Afadhali ingekuwa simu," akasema. "Simu ningeitupa."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mafundisho yangu yote hayakunifundisha. Nilidhani watu wanaogopa simu. Wengine wanaitegemea. Simu ikiwa ndiyo sababu, basi sababu ina kitufe cha kuzima. Inaweza kuhamishwa upande wa kulia, ikabandikwa stika, ikauzwa. Nilikuwa nimemnyang'anya hilo nikamwachia nafasi tupu, naye akaijaza kwa lililomfaa.

Alikubali kwenda siku ya pili yake. Hospitali ya mkoa daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, aliyemvua vile vitambaa bila kukunja uso. Alichukua kinyama. Tukasubiri majibu wiki kadhaa, na katika wiki hizo mshonaji alirudi kazini akamaliza nguo zote alizokuwa amepokea, akimwelekeza mdogo wake pale mkono ulipogoma. Majibu yalipokuja, yalisema ni saratani. Kwapani napo palikuwa na uvimbe. Tulimpeleka Dar kwa rufaa. Huko walimpa dawa za dripu zilizomnyoa nywele, na baadaye picha zikaonyesha kwamba ugonjwa umeingia kwenye mapafu na kwenye mfupa wa mgongo. Nilimwuliza daktari, mdogo wake akiwapo, kama miezi minane ile ingebadilisha kitu. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwa mtu mmoja. Lakini uvimbe wa ukubwa wa kunde una njia nyingi za kutibiwa, na uliopasuka una chache. Alisema kwa upole, na hakuuliza kwa nini mimi ndiye ninayeuliza.

Akarudishwa nyumbani. Nilikuwa nikipita kila jioni baada ya kufunga. Binti yake alikuja kumuuguza, na jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa simu chumbani. Aliamini ile sauti. Simu ya mama yake aliizima akaifungia kabatini ukumbini, na yake mwenyewe alikuwa akiongelea uani. Mgonjwa alitaka simu. Kwenye simu ile mlikuwa na nyimbo za kwaya yake walizojirekodi, na alipenda kuzisikiliza maumivu yakizidi. Akaniambia nimweleze binti.

Niliogopa kueleza. Nilimwambia binti kwa kifupi tu kwamba simu inayopiga wimbo uliomo ndani yake haihitaji mnara, na kama bado ana wasiwasi anaweza kuzima mtandao kabisa, simu ikabaki kama redio tu. Na kwamba hata ikiwa na mtandao, ikiwekwa kwenye kigoda mbali kidogo na kitanda, kinachomfikia mama ni kidogo mno, kwa sababu mawimbi hupungua upesi kila hatua unayosogea. Binti alinisikiliza amekunja uso. Akasema, "Baba mdogo, wewe si ndiye uliyemwambia?" Mama yake akamkemea kutoka kitandani kwa sauti iliyobaki. Simu ikarudi, ikawekwa kwenye kigoda.

Jioni ile alinibakiza wengine walipotoka. Alikuwa amebaki mdogo kama mtoto wa shule. Nikadhani anataka maji.

"Siku ile ungenidanganya," akasema. "Ungesema ndiyo, simu ni mbaya, ningekwenda Jumatatu."

Nilimwambia najua.

"Sikulaumu. Ulinieleza vizuri. Nilikuwa najiambia, hata watoto wa shule hawaelezwi vizuri hivi." Akapumzika. "Ila hukuniuliza."

Akaomba wimbo, nikamwekea. Alifariki siku ya nne yake, mchana, mdogo wake akimpepea.

Tulimzika kwao Rondo. Mabibi na mashangazi walikaa ndani, wanaume tulikaa nje kwenye mabenchi. Niliona wanawake waliofika msibani wameshika simu mikononi, au wamezifunga kwenye pindo la kitenge kiunoni. Habari ilikuwa imeshafika kabla ya maiti. Shangazi yao mmoja, mzee, alitoka mpaka upande wetu akaniita. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni fundi. Akaniuliza, kwa heshima, kama ni kweli ni simu iliyomuua mtoto wao.

Nilisimama. Maelezo yote yalikuwa mdomoni, kinyago, wati, gramu kumi. Nikamwambia kwamba sivyo wanavyoona wataalamu, na nitamweleza mpaka aridhike. Lakini nikamuomba kwanza, kwa kuwa mimi ni mwanamume na siwezi kuingia mle, awaulize wanawake waliomo ndani kama yuko mwenye punje, au gumu, au ngozi iliyokunjamana, au chuchu inayotoa maji, hata kama haviumi. Mwenye nacho amwambie yeye shangazi tu, au amwambie mdogo wa marehemu. Ya simu yatafuata.

Shangazi akageuka akaingia.

Kutoka pale nje tulisikia mazungumzo ya ndani yakikatika. Hata wale waliokuwa wakiimba wakaacha. Mwanamume aliyekaa karibu nami aliuliza kuna nini, nikamwambia wanaongea mambo yao. Kisha minong'ono ikaanza, na mlango wa chumba cha ndani ukafungwa.

Jumatatu, matanga yakiwa hayajaisha, mdogo wa marehemu alikodi gari la kushuka Lindi. Nilikaa mbele kwa dereva. Nyuma yake walipanda wanawake watatu, mmoja bado msichana, mmoja shangazi mwenyewe. Simu zao walizishika mapajani. Hakuna aliyeniuliza habari za mionzi, nami sikusema. Mlangoni pa kliniki mdogo wa marehemu akanigusa bega, akaniambia watatu wote wamekuja kupimwa, lakini mmoja tu ndiye aliyeonyesha kitu. Nikamwambia asinitajie ni yupi, awapange wote mstari mmoja ili mwenye nacho asijulikane. Wakaingia, nami nikabaki kwenye benchi la nje, nikangoja.